Takwimu Safi za Dagmawi

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Askale Woldetensay ilikuwa kubisha hodi kwa watu wasiomjua na kuwauliza mambo wasiyotaka kuyasema. Una watoto wangapi, umezika wangapi, jana mlikula nini, kwa mwezi unapata kiasi gani. Amefungiwa milango usoni. Amemwagiwa maji ya vyombo kwa bahati mbaya iliyolengwa vizuri sana. Huko Gojjam aling'atwa na mbwa, na mwenye mbwa akakataa kujibu maswali kwa kuwa eti mnyama wake amesumbuliwa vya kutosha. Alipostaafu kwa sababu ya magoti alipewa cheti, kitambaa cha mezani na hotuba ya dakika arobaini kuhusu umuhimu wa takwimu kwa maendeleo, iliyosomwa na bwana ambaye hajawahi kubisha hodi popote isipokuwa kwake.

Mdogo wake, Dagmawi, yeye alizaliwa na bahati ya kukaa kitini. Alikuwa afisa mikopo wa benki moja pale Addis Ababa, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope, na jioni alisomea shahada ya uzamili ya fedha. Askale ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Dagmawi akiwa na miaka tisa, na dada mtu akaahirisha kuolewa mpaka jambo lenyewe likachoka kumsubiri. Kwa hiyo Dagmawi alipotangaza kwamba benki itampa umeneja wa tawi endapo atakuwa na shahada mkononi kabla mwezi wa Sene, wa kumi kwa kalenda ya Ethiopia, haujaisha, aliyekosa usingizi hakuwa Dagmawi.

Tasnifu yake ilikuwa na jina refu la kupumulia katikati, lakini swali lilikuwa moja: mfanyabiashara mdogo aliyepata mkopo wa benki, je, anauza zaidi kuliko asiyepata? Dagmawi, anayeishi kwa kutoa mikopo ya benki, hakuwa na shaka hata kidogo juu ya jibu. Kilichobaki ni kuwapata wafanyabiashara mia mbili na sitini wa kumuunga mkono.

Askale akajitolea kuhoji mia moja na ishirini upande wa Gulele na Shiro Meda. Dagmawi akachukua mia moja na arobaini, Kera na Saris. Wakakubaliana wafanye kazi wiki ileile moja, tarehe kumi na nne mpaka ishirini ya mwezi wa Megabit, wa saba, kwa sababu dodoso liliuliza mauzo ya siku saba zilizopita na hakuna maana ya kulinganisha siku saba za mmoja na siku saba nyingine za mwingine. Askale alizimaliza karatasi zake kwa magoti yaliyovimba. Dagmawi alikuwa na shughuli nyingi kazini, lakini baada ya Pasaka naye akaleta zake zote, zimefungwa kwa uzi kama zawadi.

Kisha zikaingizwa kwenye kompyuta, zikapelekwa kwa msimamizi, na msimamizi akaita.

Dk. Wubshet alikuwa na ofisi ndogo, kiti kikubwa na imani thabiti katika usafi. Alikuwa amechapisha jedwali la majibu yote na kulipaka kalamu nyekundu mpaka likafanana na mtu aliyegongwa na lori. Dagmawi alimpeleka dada yake ili ajibu maswali yatakayotokea. Hakukuwa na maswali.

"Nani amekusanya huu uchafu wa mwanzo?" aliuliza Dk. Wubshet. "Namba moja mpaka mia na ishirini."

"Mimi, daktari," alisema Askale.

"Mama, hebu tazama. Huyu ana miaka tisini na tisa kwenye biashara. Alianza kuuza mashuka kabla babu yangu hajabatizwa? Huyu hapa mauzo yake ni sifuri. Huyu sifuri. Huyu naye sifuri. Huyu ameacha mapengo matano. Huyu ana mali ya birr milioni nne wakati jirani yake ana elfu arobaini."

"Tisini na tisa si miaka, daktari. Ni alama. Maana yake amekataa kujibu. Imeandikwa kwenye maelezo ya dodoso, ukurasa wa kwanza."

"Kompyuta haisomi ukurasa wa kwanza," alisema Dk. Wubshet. Hapo alikuwa amesema kweli, kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo. "Sasa tazama za Dagmawi. Mia na arobaini, hakuna pengo hata moja. Hakuna namba iliyopitiliza. Hivi ndivyo takwimu zinavyotakiwa kuwa."

Akamgeukia mwanafunzi wake na kumpa amri tatu. Dodoso lenye mapengo zaidi ya matatu, futa. Mauzo ya sifuri, futa. Namba yoyote iliyo mbali na wastani kupita kiasi, futa. Kisha endesha rigresheni, lete jedwali lenye nyota, tupange tarehe ya kutetea tasnifu. Rigresheni, kwa wasioijua, ni hesabu ya kupima kama mkopo unakwenda pamoja na mauzo; nyota ni vile vialama vidogo ambavyo programu huvibandika kando ya namba kuonyesha kwamba matokeo yale si rahisi kuwa ya kubahatisha tu. Moja inatosha kukuvusha. Tatu zinakupa usingizi. Kuna watu wazima mjini hapa, wenye wake na watoto, wanaoziombea nyota hizo kanisani.

Askale alipiga hesabu akiwa amesimama. Kwa amri hizo tatu, madodoso yake mia moja na ishirini yangebaki thelathini na saba. Za Dagmawi zingebaki zote.

Alimtazama mdogo wake, akingoja aseme neno. Dada yangu amefanya kazi hii miaka kumi na tisa, daktari. Basi, hilo tu lingetosha. Dagmawi alikuwa anachunguza kamba za viatu vyake kwa makini ya kitaaluma.

"Nipeni wiki moja nizisafishe mimi," alisema Askale.

"Safisha tu, mama," alisema Dk. Wubshet kwa ukarimu wa mtu anayemruhusu mgeni afagie. "Lakini usinirudishie sifuri."

Dagmawi alianza kuzungumza walipofika kwenye kituo cha teksi.

"Usimchukulie vibaya, dada. Ndivyo alivyo."

"Sijamchukulia vibaya yeye," alisema Askale.

Iliuma, tusidanganyane. Alikaa meza ya jikoni siku nzima ya kwanza na laptopu ya Dagmawi mbele yake na gunia la karatasi miguuni, na kila alipogusa namba ya dodoso alikumbuka sura ya mtu. Namba kumi na nane ni yule mama muuza netela, zile shuka nyepesi za kujitanda, aliyejibu huku akimnyonyesha mjukuu ambaye hakuwa na haki ya kunyonya hapo. Namba sabini na tatu alikuwa amefiwa juzi yake. Hao ndio uchafu.

Lakini kazi ni kazi. Kwanza akahifadhi nakala ya jedwali kama lilivyo, asiiguse tena, maana anayesafisha juu ya nakala pekee aliyonayo ni sawa na anayefua shati akiwa amelivaa. Kisha akazichukua tisini na tisa zote, akatazama karatasi moja baada ya nyingine, na kila iliyokuwa alama ya kukataa akaiondoa namba na kuacha tupu. Kwenye safu ya miaka ya biashara peke yake zilikuwa kumi na moja. Wastani wa miaka ulishuka mara moja, na yule mzee wa mashuka akarudi kuwa kijana wa makamo.

Mapengo nayo hayakuwa ya aina moja. Swali la kumi na mbili liliuliza, je, uko kwenye ikub, kile chama cha kuchangiana kwa zamu? La kumi na tatu likauliza, unachanga kiasi gani kwa wiki? Aliyesema hapana kwenye la kumi na mbili angejibu nini kwenye la kumi na tatu, aimbe? Pengo la namna hiyo si jibu lililopotea. Ni swali lisilomhusu, na kwa mchango wake sahihi ni kuandika sifuri. Hayo yalikuwa zaidi ya nusu ya mapengo aliyotukaniwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya kukataa kweli, na hapo hakuthubutu kujaza wastani kama wafanyavyo wenye haraka. Alijua waliokataa. Hawakuwa walalahoi. Mlalahoi anakutajia mauzo yake yote na machozi juu. Aliyekataa ni yule mwenye duka la milango miwili, anayekutazama mkoba akitafuta ndani yake mtu wa kodi. Ukimpa huyo wastani wa wenzake umemfanya maskini kwa nguvu, na ukimfuta umewaondoa wenye nacho halafu unashangaa soko lote kuwa la wachovu. Akaacha tupu, akaandika pembeni ni wangapi na wanafanana na nani.

Namba zilizopitiliza akazipekua kwenye karatasi. Mwenye mauzo ya laki tatu na nusu alikuwa wa elfu thelathini na tano. Aliyeingiza kwenye kompyuta alisinzia juu ya sifuri. Hiyo ikasahihishwa. Mwenye mali ya milioni nne alikuwa kweli na milioni nne. Alikuwa muuza magodoro wa jumla, na Askale alikalia mojawapo wakati wa mahojiano. Huyo akabaki. Mtu hafutwi kwa kosa la kuwa tajiri. Akapanga rigresheni iendeshwe akiwemo na asipokuwemo, ili msomaji aone kama tajiri mmoja ndiye anayelivuta soko zima kwa kamba.

Ndipo akafika kwenye sifuri.

Alizikumbuka vizuri. Zilikuwa kumi na sita, zote za wenye bucha. Ile wiki ya Megabit ilikuwa katikati ya Hudade, mfungo mkuu, siku hamsini na tano bila nyama, maziwa wala yai. Aliwakuta wenye bucha wamekaa nje ya maduka yaliyofungwa, wengine wanapaka rangi upya kungojea Pasaka. Ato Zewdu wa Shiro Meda alimjibu akiwa juu ya ngazi, brashi mkononi. Mauzo ya siku saba zilizopita? "Andika sifuri, dada, na uandike kubwa." Wawili tu kati ya wenye bucha kumi na wanane wa upande wake walikuwa wameuza, nao ni Waislamu, hawafungi Hudade.

Dk. Wubshet angezifuta. Na kama asingezifuta yeye, programu ingezifuta kimyakimya, maana Dagmawi alitaka mauzo yageuzwe kuwa logi, ile hesabu inayobana pengo kati ya namba kubwa na ndogo, na sifuri haina logi. Programu haikwambii samahani. Inaitupa mistari hiyo kama nywele kwenye supu na kukupa jedwali zuri, na usipoangalia pale chini idadi ya waliobaki hutajua kuwa kuna watu wameondoka.

Askale akataka kuonyesha kwamba sifuri zake zina maana. Akatenganisha wenye bucha wote wa madodoso yote mia mbili na sitini, akaweka mauzo yao kwa aliyehoji. Upande wake: kumi na sita sifuri, wawili wameuza. Upande wa Dagmawi: wenye bucha ishirini na wawili, na wote ishirini na wawili wameuza. Vizuri kabisa. Wastani birr elfu thelathini na moja kwa wiki.

Akadhani amekosea safu. Akarudia. Akatazama tarehe za mahojiano: Megabit kumi na tano, kumi na sita, kumi na tisa. Akatazama majina, akitarajia Waislamu ishirini na wawili. Alikuta Gebremariam, Haileselassie, Woldegiorgis na wenzao, watu waliobeba watakatifu kwenye majina yao, wakikata nyama hadharani katikati ya Hudade kama wapagani.

Alifungua ule mzigo uliofungwa kwa uzi. Karatasi zilikuwa nyeupe. Hakuna duara la kikombe, hakuna vumbi, hakuna kona iliyokunjwa na upepo, na kalamu ilikuwa moja tangu namba ya kwanza mpaka ya mwisho. Kuanzia kama ya sitini mwandiko ulianza kulala, kama mwandiko wa mtu anayechoka akiwa amekaa. Akatazama safu ya umri. Watu wa Askale walikuwa na miaka arobaini, hamsini, thelathini na tano, kwa sababu mtu wa kweli akiulizwa umri hukadiria, anazungusha, anamwita mkewe. Watu wa Dagmawi walikuwa na arobaini na tatu, thelathini na saba, hamsini na moja. Kati ya mia moja na arobaini hakukuwa na hata mmoja mwenye arobaini kamili. Kila mmoja alijua umri wake kama daktari wa kliniki.

Kwa nusu saa nzima Askale alijaribu kumtetea. Labda aliwatuma vijana wa mtaani wakamdanganya. Labda tarehe zilikosewa. Alimlea yule mtoto kwa mkono wake, alimpeleka shule kwa miguu, na sasa anamtafutia visingizio kama mwanasheria wa mwizi. Mwisho akalia kidogo, akaosha uso, akaendesha rigresheni mbili. Ya kwanza kwa madodoso yote. Aliyepata mkopo alionekana kuuza karibu mara moja na nusu ya asiyepata, na nyota tatu zilimeremeta kando. Ya pili kwa zile mia moja na ishirini zake tu. Aliiendesha kwa birr zenyewe, sifuri zikiwemo, kisha kwa logi, akaandika chini nani amebaki nje na kwa nini. Vyovyote alivyoigeuza, tofauti ilikuwa ndogo na nyota hakuna. Kwa hiyo mikopo ya benki ilifanya maajabu Kera na Saris, ambako hakuna aliyekwenda kuuliza.

Dagmawi alikuja Jumamosi mchana. Askale alikuwa amechoma kahawa, kikombe cha kwanza kiko tayari, na jedwali la wenye bucha liko chini ya sahani ya bisi.

"Imeshasafika?" aliuliza Dagmawi, akilegeza tai.

"Imesafika. Wenye bucha wako wana biashara nzuri."

"Kera ni Kera, dada. Ndiko machinjioni."

"Hata Hudade?"

Askale akalivuta jedwali kutoka chini ya sahani. Kikombe cha Dagmawi kilikuwa kimefika nusu ya njia kuelekea mdomoni, kikarudi mezani.

"Hudade gani?"

"Ile tuliyofunga pamoja. Wewe ulikuwa unakula mchuzi wa shiro hapo ulipokaa na kulalamika kwamba hauna siagi. Ile wiki uliyoandika kwenye karatasi, ndugu yangu. Woldegiorgis ameuza nyama ya elfu thelathini na nne. Alimuuzia nani, malaika?"

Dagmawi alitazama jedwali muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama jedwali lolote katika masomo yake.

"Nilizijaza baada ya Pasaka," alisema.

"Wapi?"

"Ule mkahawa nyuma ya benki. Saa za chakula cha mchana. Siku nne."

"Ulikuwa unakula nini?"

"Dada, hiyo inahusu nini?"

"Nataka kujua tu."

"Kitfo," alisema kwa sauti ndogo.

Askale alicheka, ingawa kicheko hicho hakikuwa na raha ndani yake. Bila shaka. Kwa siku hamsini baada ya Pasaka hakuna mfungo, hata Jumatano na Ijumaa, siku za kufunga mwaka mzima, watu hula nyama, mji mzima unanuka siagi, na msomi wetu ameketi na sahani ya nyama ya kusaga mbele yake anawatungia wenye bucha mauzo. Angetunga akiwa na njaa, huenda angekumbuka.

"Nilikwenda Kera siku ya kwanza," alisema Dagmawi. "Kweli nilikwenda. Wa kwanza akanifukuza. Wa pili akaniuliza kama natoka mapato. Wa tatu ni mteja wetu wa benki, akanitaka mkopo palepale mbele ya watu. Nikasema nitarudi kesho. Kazini wakanibana. Halafu tarehe ikaanza kunikimbiza."

"Mimi hawakunifukuza?"

"Wewe umezoea."

Hilo lilimchoma Askale kuliko yote. Amezoea. Kana kwamba kufukuzwa ni kipaji anachozaliwa nacho mtu, kama sauti nzuri.

"Sikiliza, Dagi. Mbele ya yule daktari wako niliitwa mchafu, ukanyamaza. Watu wangu mia na ishirini, nilioketi nao, walikuwa wanafutwa ili wabaki wa kwako ambao hawajazaliwa. Na ulikuwa unajua. Umenivunja moyo, nakwambia waziwazi ili usije ukasema hukuambiwa."

Dagmawi alifunika uso kwa viganja. Mtu wa miaka thelathini kamili, kwenye karatasi zake angekuwa na thelathini na moja.

"Nifanye nini?"

"Mimi sifuti mstari hata mmoja. Ulioandika ni wewe. Nikikufutia, hapo nitakuwa nimekuosha kinyesi mara ya pili katika maisha haya, na mara ya kwanza ulikuwa na udhuru."

Jumatatu Dagmawi alikwenda kwa Dk. Wubshet peke yake. Askale alishinda akichambua dengu ambazo tayari zilikuwa zimechambuliwa. Kama angefuta, hakuna kutetea mwezi wa Sene na hakuna umeneja. Kama asingefuta, angekuwa meneja, na yeye Askale angelazimika kwenda kwenye sherehe, kuvaa nguo nyeupe, kupiga vigelegele na kunyamaza mpaka kufa. Hakujua kama angeweza. Alihofia kwamba angeweza.

Kijana alirudi saa tisa alasiri. Hakukaa.

"Nimemwambia," alisema. "Yote. Kwamba nilizijaza mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Alifunga mlango kwanza. Halafu akacheka. Akasema, sasa tatizo liko wapi? Kama shida ni Hudade, badilisha tarehe. Toa Megabit, weka Ginbot, baada ya Pasaka. Nyama itakuwa halali. Akasema safu moja tu, dakika moja, na kutetea ni Ijumaa ya wiki ijayo."

Askale aliushusha ungo magotini. Ilikuwa dawa nzuri, lazima akiri. Mtu ana shahada tatu, ametafakari, na amegundua kwamba uongo haukuwa na kosa lolote isipokuwa tarehe. Karatasi zingekaa sawa. Woldegiorgis angeuza nyama yake kwa amani baada ya Pasaka, na hakuna mtu duniani ambaye angegundua, maana mtu pekee aliyeweza kugundua alikuwa ameketi hapa na ungo wa dengu.

"Na wewe ukasemaje?"

"Alinigeuzia kompyuta. Nikaichagua ile safu ya tarehe, nikaiona yote imekuwa bluu." Dagmawi alionyesha kwa kidole juu ya meza. "Nikabonyeza kufuta, dada. Sikufuta tarehe. Nilifuta mistari. Mia moja na arobaini."

"Mbele yake?"

"Mbele yake. Akaniambia nitoke, nitafute msimamizi mwingine."

Umeneja alipewa mwenzake wa dirisha la pili, kijana mwenye shahada safi na takwimu safi zaidi, na tawi likamfanyia keki. Dagmawi alikula kipande. Akaomba msimamizi mwingine, akapewa mama mmoja mkali aliyekuwa hana nafasi ya kupanga utetezi mpaka mwaka mpya wa Meskerem. Na kwa kuwa mia moja na ishirini peke yake ni wachache na wote ni wa upande mmoja wa mji, yule mama akamtaka arudi Kera na Saris, ahoji upya, na aweke kwenye jedwali safu inayosema kama wiki hiyo ilikuwa ya mfungo au la, ili wiki za kufunga zisilinganishwe na wiki za kula kana kwamba ni ndugu.

Alikwenda wakati wa mvua za mwezi wa Hamle, akiwa ameomba likizo ya siku tatu. Askale hakumfuata, magoti yalikataa. Siku ya tatu jioni mlango ulipigwa teke na mtu aliyelowa mpaka kwenye tai.

"Kumi na moja!" alisema Dagmawi, akitupa mfuko wa plastiki mezani. "Siku tatu, watu kumi na moja. Watu wa nchi hii wana roho mbaya sana. Kuna mzee amenijibu maswali ishirini na mbili, kufika kwenye mauzo akaniambia nimuulize Mungu. Kuna mama kanisimamisha kwenye mvua dakika arobaini, kumbe duka si lake, anamlindia shoga yake. Mwingine umri wake hajui, anasema alizaliwa mwaka wa nzige. Nzige wapi? Sasa hapo naandika nini? Na yule wa viatu, pale kona ya Saris, huyo ni mshenzi kabisa, nakwambia, ameanza vizuri, akanipa mpaka kiti, halafu mkewe akatokea…"

Alizunguka jikoni akidondosha maji, akimtukana mmoja mmoja kwa jina, kwa duka na kwa kona ya mtaa. Askale alimkokotea kiti. Zile mia moja na arobaini alipozileta, hakuwa amemlalamikia mtu hata mmoja.

"Mkewe akatokea," alisema Askale, "halafu?"